Kwa nini tuipeleke matriksi kwenye umbo la Hessenberg kabla ya kuanza mizunguko ya QR

*"Shikamoo mwalimu. Nimeandika programu yangu ya kutafuta thamani aigeni kwa njia ya QR: naigawa A kuwa QR, nazidisha RQ, narudia. Kwa matriksi ya 5 kwa 5 inakwenda vizuri, lakini ya 300 kwa 300 inanilaza macho. Mwenzangu anasema niipunguze kwanza iwe karibu na pembetatu. Mimi naona hiyo ni kazi juu ya kazi. Na kama kweli tunaweza kuzifuta namba za chini ya ulalo, kwa nini tuishie 'karibu'? Si tuzifute zote tumalize?"*

Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ukilielewa hilo, la kwanza linajijibu lenyewe kwa nusu.

Tunapobadilisha matriksi bila kugusa thamani aigeni zake, hatuna uhuru wa kuzidisha upande mmoja tu. Ukizidisha kwa P kutoka kushoto, lazima uzidishe kwa kinyume cha P kutoka kulia. Upande wa kushoto unachanganya safu za mlalo, na upande wa kulia unachanganya safu za wima. Kazi ya mkono wa kushoto inaweza kuharibiwa na mkono wa kulia, na hapo ndipo penye kikwazo.

Tuchukue matriksi ndogo tuione kwa namba:

```
A =  1  2  1
     3  5  1
     4  3  2
```

Tuseme umeamua kufuta 3 na 4 zote mbili kwenye safu wima ya kwanza, ubaki na namba moja tu juu. Utatengeneza kiakisi cha Householder, yaani matriksi inayoakisi vekta bila kubadilisha urefu wake na ambayo ni kinyume chake yenyewe, kinachogusa safu zote tatu za mlalo. Ukizidisha kushoto, 3 na 4 zinafutika kweli. Lakini kiakisi hicho hicho ukikizidisha kulia kinachanganya safu zote tatu za wima, ile ya kwanza ikiwemo. Safu uliyoisafisha inachanganywa na nyingine mbili ambazo hazikuwa safi, na sufuri zako zinapotea zote.

Sasa tujinyime kidogo. Tuiache safu mlalo ya kwanza bila kuigusa, tushughulike na ya pili na ya tatu tu. Chini ya ulalo tuna vekta (3, 4), ambayo urefu wake ni 5. Kiakisi kinachoipeleka kwenye (-5, 0) ni hiki:

```
P =  -0.6  -0.8
     -0.8   0.6
```

Zidisha kushoto, safu mlalo za 2 na 3 pekee:

```
 1   2    1
-5  -5.4 -2.2
 0  -2.2  0.4
```

Nne imekuwa sufuri, na tatu imekuwa -5. Kisha zidisha kulia. Kwa kuwa P inagusa safu wima za 2 na 3 tu, ya kwanza haiguswi kabisa, na sufuri yetu inasalimika:

```
H =  1  -2  -1
    -5   5   3
     0   1   2
```

Hilo ndilo umbo la Hessenberg: chini ya ulalo pamebaki mstari mmoja tu wa namba (hapa ni -5 na 1), na chini ya mstari huo ni sufuri tupu. Mstari huo mmoja ndio bei ya kujinyima kule. Tuliiacha safu mlalo ya kwanza ili safu wima ya kwanza isichafuliwe, kwa hiyo namba moja chini ya ulalo haikuwa na pa kwenda. Kwa matriksi kubwa unarudia mchezo huo huo kwa safu wima ya pili, ya tatu, hadi hatua n-2, kisha kazi imekwisha. Hakuna kusubiri chochote kikaribie sufuri, wala cha kukisia.

Kama unajiuliza iwapo kuna mtu mwerevu zaidi anayeweza kufika pembetatu kamili kwa hatua za kuhesabika, jibu ni hapana, na sababu yake ni ya kina. Mwaka 1824 Abel alionyesha kwamba milinganyo ya jumla ya daraja la 5 haiwezi kutatuliwa kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo. Sasa kila polinomia inaweza kuandikwa kama matriksi ambayo thamani aigeni zake ni mizizi ya polinomia hiyo. Kungekuwa na njia ya kuifanya matriksi yoyote iwe pembetatu kwa hatua za kuhesabika zinazotumia hesabu hizo tu, ungesoma mizizi yote kwenye ulalo na kumpinga Abel. Ndiyo maana kazi imegawanyika sehemu mbili: ile inayoweza kumalizwa kwa hatua za uhakika tunaimaliza kwanza, na mizunguko tunaiachia iliyobaki. Umbo la Hessenberg ndipo sehemu ya kwanza inapoishia.

Sasa tuje kwenye "kazi juu ya kazi". Tuhesabu kwa matriksi yako ya 300.

Mzunguko mmoja wa QR kwenye matriksi iliyojaa unadai kuigawa A kuwa Q na R, kisha kuzidisha R na Q. Kazi zote mbili zinakua kwa n³. Ukizijumlisha ni takriban hesabu (10/3)n³, na kwa n = 300 hizo ni kama milioni 90 kwa mzunguko mmoja. Kuipunguza A yote hadi Hessenberg kwa viakisi vya Householder ni hesabu zipatazo (10/3)n³, ambazo nazo ni milioni 90. Maana yake, kazi uliyoiona ya ziada inagharimu sawa na mzunguko mmoja wa ile uliyokwisha kuifanya mara mamia. Unailipa mara moja, kisha huirudii.

Baada ya hapo mzunguko wenyewe unabadilika sura. Angalia Hessenberg ya 5 kwa 5:

```
x x x x x
x x x x x
0 x x x x
0 0 x x x
0 0 0 x x
```

Kuigeuza hii iwe pembetatu hakuhitaji viakisi vikubwa. Kila safu wima ina namba moja tu ya kufuta, kwa hiyo mzungusho mdogo wa Givens unaogusa safu mlalo mbili jirani unatosha. Unahitaji mizungusho n-1. Kila mmoja unapita kwenye jozi za namba za safu mbili, hesabu 6 kwa kila jozi, na kwa wastani safu ina jozi n/2 zenye kazi. Hiyo ni 3n². Kisha unarudisha mizungusho hiyo hiyo upande wa kulia, 3n² nyingine. Jumla ni 6n², yaani hesabu 540,000 kwa matriksi yako badala ya milioni 90. Mzunguko mmoja umepungua gharama zaidi ya mara 160.

Hesabu hiyo ingekuwa bure kama umbo lingeharibika baada ya mzunguko wa kwanza. Haliharibiki, na inafaa uone ni kwa nini. R ni pembetatu. Mzungusho wa kwanza kutoka kulia unachanganya safu wima ya 1 na ya 2. Safu ya 2 ya R ina namba hadi mlalo wa 2 tu, kwa hiyo safu ya 1 inapata namba mpya moja kwenye mlalo wa 2, hakuna zaidi. Mzungusho wa pili unachanganya safu ya 2 na ya 3, na safu ya 2 inapata namba moja mpya kwenye mlalo wa 3. Inaendelea hivyo hadi mwisho. Kila safu wima inashuka hatua moja chini ya ulalo, basi. RQ ni Hessenberg tena, na mzunguko unaofuata unaikuta nyumba ilivyoachwa.

Kwa namba za jumla: ukitumia uhamisho mzuri, yaani ukitoa kwenye ulalo kadirio la thamani aigeni kabla ya kila mgawanyo na kulirudisha baadaye, kwa kawaida mizunguko 2 au 3 inatosha kuikamata kila thamani. Tuchukue 2, kwa hiyo mizunguko 600, na tukubali kwamba kila thamani ikipatikana matriksi inapungua ukubwa kwa moja. Kwa matriksi iliyojaa utafanya hesabu kama bilioni 13.5. Kwa Hessenberg ni milioni 90 za kupunguza, na kama milioni 108 za mizunguko yote. Jumla haifiki milioni 200. Pengo hilo linapanuka kadiri n inavyokua, kwa sababu njia ya kwanza inakua kwa n⁴ na ya pili kwa n³. Ukitoka 300 kwenda 600, ya kwanza inaongezeka mara 16, ya pili mara 8.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye hesabu hizo, nami naithamini kama ya kwanza. Kwenye matriksi iliyojaa, kujua kama mizunguko imefika kunakulazimisha uchunguze namba zote za chini ya ulalo, karibu 45,000 kwa matriksi yako. Kwenye Hessenberg unachunguza mstari mmoja wenye namba 299. Namba yoyote ya mstari huo ikiwa ndogo kuliko usahihi wa kompyuta ukilinganisha na jirani zake wawili wa ulaloni, unaiandika sufuri na matriksi inakatika pale pale kuwa matriksi mbili ndogo zinazojitegemea:

```
abs(H[k+1,k]) <= eps * (abs(H[k,k]) + abs(H[k+1,k+1]))
```

Kwa kawaida mkato unatokea chini kabisa, lakini wakati mwingine unatokea katikati, na hapo kazi inapungua ghafla. Kama matriksi yako ni ya namba halisi na ina thamani aigeni changamano, usingoje mstari huo ufutike wote. Patabaki vipande vya 2 kwa 2, na kila kimoja kina jozi ya thamani changamano ambazo unazipata kwa mlinganyo wa kipeo cha pili. Nadhani hilo nalo linaweza kuwa linakusumbua: programu inayongoja sufuri ambayo haitakuja itazunguka hadi kesho.

John Francis wa Uingereza na Vera Kublanovskaya wa Leningrad waliifikia njia ya QR kila mmoja kivyake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Francis ndiye aliyeona kwamba QR inalihifadhi umbo la Hessenberg, akaijenga njia yake juu ya hilo. Kisha akaiacha fani hiyo, na hadi wanahisabati walipomtafuta na kumpata mwaka 2007 hakuwa na habari kwamba kazi yake imeenea dunia nzima.

Turudi kwenye programu yako. Hii ndiyo sehemu ya kupunguza, yote:

```python
import numpy as np

def punguza(A):
    H = A.astype(float).copy()
    n = H.shape[0]
    for k in range(n - 2):
        v = H[k+1:, k].copy()
        v[0] += np.copysign(np.linalg.norm(v), v[0])
        s = np.linalg.norm(v)
        if s == 0:
            continue
        v /= s
        H[k+1:, k:] -= 2*np.outer(v, v @ H[k+1:, k:])
        H[:, k+1:] -= 2*np.outer(H[:, k+1:] @ v, v)
    return H
```

Kuna mambo mawili humo ambayo wengi wanayakosea.

La kwanza ni kwamba P haionekani popote. Ninachohifadhi ni vekta v tu, na kuzidisha kwa P kunafanyika kwa kutoa 2v(vᵀH). Mwanafunzi anayeandika kiakisi kama matriksi kamili ya 300 kwa 300, kisha akazidisha kushoto na kulia kwa alama ya `@`, anafanya hesabu kama milioni 108 kwa kila hatua, na hatua ziko 298. Hiyo ni bilioni 32, zaidi ya ile kazi ya matriksi iliyojaa aliyokuwa anaikimbia. Matokeo yatakuwa sahihi kabisa, kwa hiyo hakuna cha kumshtua isipokuwa saa. Ukiona kupunguza kwako kunachukua muda mrefu kuliko mzunguko mmoja wa zamani, anza kutafuta kosa hapo.

La pili ni ile `copysign`. Vekta x inaweza kupelekwa kwenye urefu wake chanya au hasi, na kwenye karatasi zote mbili ni sawa. Kwenye kompyuta si sawa. Chukua x = (1, 10⁻⁹). Urefu wake kwa usahihi wa kawaida wa tarakimu 16 unahesabiwa kuwa 1 kamili. Ukichagua kutoa, namba ya kwanza ya v inakuwa 1 - 1 = 0, kiakisi kinageuza tu alama ya namba ya pili, na ile 10⁻⁹ uliyotaka kuifuta inabaki pale pale. Ukichagua kujumlisha, namba ya kwanza ya v ni 2 na mambo yananyooka. Ndiyo maana kwenye mfano wetu tulipata -5, si 5.

Kuhakikisha kwamba umepunguza sawasawa ni rahisi. Jumla ya namba za ulaloni haibadiliki: kwenye A ni 1 + 5 + 2 = 8, na kwenye H vilevile ni 8. Tazama ile matriksi ya katikati, tuliyokuwa tumezidisha kushoto tu: 1 - 5.4 + 0.4 = -4. Mtu akisahau kuzidisha kulia, sufuri zake zitakuwa mahali pake na matriksi itapendeza macho, ila thamani aigeni zitakuwa za matriksi nyingine. Jumla ya ulalo inamfichua papo hapo. Pia angalia maktaba yenyewe inafikia usahihi gani:

```python
from scipy.linalg import hessenberg
H, Q = hessenberg(A, calc_q=True)
print(np.linalg.norm(Q @ H @ Q.T - A) / np.linalg.norm(A))
```

Namba ya mwisho inapaswa kuwa karibu na 10⁻¹⁵ au 10⁻¹⁶. Viakisi havikuzi makosa ya kukadiria, na H unayoipata ni ya matriksi iliyo karibu mno na A yako. Lakini usiidai zaidi ya hapo. Kuna matriksi ambazo thamani zake zenyewe ni nyepesi kutikisika. Kipande cha Jordan cha 4 kwa 4, kwa mfano, kikitikiswa kwa 10⁻¹⁶ kinaweza kusogeza thamani zake kwa 10⁻⁴. Ukiliona hilo, usiilaumu hatua ya kupunguza, maana hata bila hiyo tarakimu zile zisingekuwepo.

Jua pia kwamba ukiita `np.linalg.eigvals(A)`, kupunguza kumekwisha kufanyika ndani. Chini yake kuna maktaba ya LAPACK, ambayo inaita `dgehrd` kwa Hessenberg kisha `dhseqr` kwa mizunguko. Usiipunguze mwenyewe kabla ya kuiita, hapo ndipo itakuwa kazi juu ya kazi kweli. Kuandika ya kwako ni kwa kujifunza, na kwa hilo nakuunga mkono kabisa.

Kama matriksi yako ni linganifu, hali ni nzuri zaidi. Kila kinachofutwa chini kinafutika na juu, unabaki na mistari mitatu tu kuzunguka ulalo, na mzunguko mmoja wa kutafuta thamani peke yake unashuka kutoka n² hadi gharama inayokua kwa n tu. Tumia `eigvalsh`, au andika tawi lake la pekee kwenye programu yako.

Mahali pa kuacha njia hii ni kwenye matriksi kubwa mno zenye sufuri nyingi. Viakisi havijali sufuri zilizokuwepo. Baada ya hatua chache tu sehemu ya juu inajaa. Matriksi ya milioni 1 kwa milioni 1 yenye namba 5 kwa kila mlalo inakaa vizuri kwenye kompyuta ndogo, lakini H yake ingedai kama terabaiti 4 za kumbukumbu. Huko hutumika njia ya Arnoldi ya mwaka 1951, ambayo inajenga Hessenberg hiyo hiyo safu wima moja baada ya nyingine kwa kuizidisha A na vekta tu, na kusimama ikiwa na safu 50 au 100. Hessenberg hiyo ndogo ndiyo inayopewa QR, na thamani zake huwa makadirio ya zile za pembezoni za A, hasa zenye ukubwa zaidi. Kwa 300 huihitaji. Weka `punguza` juu ya programu yako, badilisha mgawanyo wa QR uwe wa mizungusho ya Givens, ongeza uhamisho na mkato, kisha pima muda upya.